Presha ya Wifi Yangu

Kwetu mtu hazikwi mpaka jamaa mmoja asimame na kipaza sauti aeleze ugonjwa. Ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, nani alikuwa naye alipokata roho. Watu wametoka Nambale, wengine wamevuka mpaka kutoka Uganda, na hawawezi kurudi makwao bila kuambiwa kilichomuua mwenzao. Siku tulipomzika mama mkwe wangu, aliyekishika kipaza sauti ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

Anajua kusema, huyo. Anauza samaki wakavu soko la Busia, na sauti yake imezoea kushindana na honi za malori. Alieleza vizuri jinsi mama alivyogundulika na presha, jinsi alivyokuwa akienda zahanati kila mwezi, jinsi alivyokuwa na nguvu zake. Kisha akajifuta uso kwa leso, akanitazama pale nilipokaa na wake wengine wa boma.

"Mama alikuwa sawa," akasema. "Lakini nyumbani kukawa na maneno. Presha ikapandishwa. Mimi sisemi zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mahema mawili mazima yaligeuka kunitazama. Mume wangu aliangalia viatu vyake, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuazima. Mimi ni mkaza mwana, na mkaza mwana hanyang'anyi kipaza sauti mkononi mwa binti wa marehemu. Nilikaa na hasira yangu nikaimeza kavu.

Ukweli ni huu. Mama mkwe alikaa kwangu. Dawa zake alizimeza vizuri, asubuhi baada ya chai, na presha ilitulia. Kutulia huko ndiko kulikomponza. Wifi alikuja siku moja na chupa ya dawa chungu ya mitishamba kutoka ng'ambo ya mpaka, akamwambia, "Mama, si sasa umepona? Hizi tembe zinachosha mwili. Pumzika kidogo, kunywa hii." Mama akaniuliza mimi. Nikamwambia tumuulize sista wa zahanati kwanza. Akaniambia sista si mtoto wake, akaacha tembe akanywa ile chupa ya binti yake.

Vidonge vilivyobaki havikutupwa. Wifi alikuwa akija jioni ametoka sokoni, kichwa kinamgonga, anasema, "Mama, nipe moja yako," anameza kama watu wanavyomeza dawa ya maumivu. Nilimwona kwa macho yangu. Na huo si ujinga wake peke yake, karibu kila boma hapa lina mtu anayeazima kidonge cha presha kwa jirani kama anavyoazima chumvi.

Asubuhi moja mama alikuwa akichambua maharagwe. Siku iliyotangulia tulikuwa tumezozana kuhusu kuku aliyeingia jikoni, ugomvi wa kawaida wa nyumba moja, na wifi alikuwepo. Nikasikia maharagwe yakimwagika. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala mapajani, na aliponiita maneno yalitoka kama uji. Tulimkimbiza hospitali. Hakurudi.

Baada ya mazishi nikapewa jina. Sikuitwa mbele yangu, lakini niliitwa: yule wa kupandisha presha. Wanawake wakinitembelea, kikombe nilichowapa walikiweka chini kwanza. Vijana wa bodaboda wakiniona nimenuna husema, "Huyu msimkasirishe, na msikasirike mbele yake." Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Nilitaka jina langu lirudi, na nilitaka lirudi vile vile lilivyoondoka, yaani kwa kipaza sauti, mbele ya watu, chini ya mahema yale yale.

Mzee wa kijiji alipotafuta mhudumu wa afya wa kutembelea nyumba, hakuna aliyeitaka kazi. Mimi nikaichukua. Watu walidhani nina moyo wa huruma. Nilifundishwa, nikapewa begi lenye vifaa, na ndani ya begi kulikuwa na mashine ya kupima presha. Nilipoifunga ile zipu siku ya kwanza niliwaza mtu mmoja tu.

Basi ikafika siku sista aliponiita zahanati. Kulikuwa na mkutano wa kijiji unakuja, naibu wa chifu alikuwa ametoa nafasi ya hotuba fupi kuhusu presha, na baadaye watu wapimwe. Sista hakuwa na muda wa kuandika. Alinipa kipande cha boksi la glavu alichokuwa amekichorachora kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Wewe unajua maneno ya watu," akaniambia. "Nitengenezee kitu kifupi, watu wasilale."

Lile boksi lilikuwa na mambo kama haya: *Presha kimya. 140/90 kwenda juu, siku zaidi ya moja. Chumvi. Pombe, sigara. Dawa kila siku, SI kichwa kikiuma. Usigawe. Stress: ndiyo lakini. Kiharusi: uso, mkono, maneno, hosp mbio. Onyesha kupima.*

Niliisoma "stress: ndiyo lakini" mara nyingi kuliko mengine yote. Nilitaka iwe "hapana". Nikaandika: *Ugomvi hauleti presha. Anayesema hivyo ni mwongo.* Nikaona nimeandika vizuri kuliko maisha yangu yote ya shule.

Sista alipoisoma alikata mstari huo papo hapo. "Hasira inaweza kupandisha namba kwa muda," akasema. "Ndiyo maana tunampumzisha mtu kabla ya kumpima. Lakini mtu akishatulia, nayo hushuka. Ugonjwa wenyewe wa presha ni ule unaobaki juu hata ukiwa umetulia. Unakuja na umri, na ukoo, na chumvi, na unene, na pombe, na mara nyingi hatujui hasa ni nini. Andika hivyo."

Niliandika hivyo. Halafu akafikia aya nyingine niliyoiweka katikati, akaisoma polepole, akaniangalia juu ya miwani. Ilisema: *Kuna mama hapa kwetu alimeza dawa vizuri, presha ikatulia. Mtu wa damu yake akamwambia apumzishe mwili. Vidonge vilivyobaki mtu huyo akawa anameza mwenyewe kichwa kikimuuma. Yule mama akaanguka. Na mtu huyo akasimama mazishini akasema mkaza mwana ndiye aliyemuua.*

"Hii si afya," sista akasema. "Hii ni matanga." Akaipiga mistari miwili.

Kalamu yake ilikuwa nyembamba. Maneno yalisomeka vizuri tu chini ya mistari.

Siku ya mkutano mahema yalisimamishwa uwanja wa kinu cha kusaga. Ni mahema ya kikundi cha akina mama, yale yale tuliyomzikia mama mkwe, na mwenyekiti wa kikundi ni nani kama si wifi. Alikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya kichwani, akaelekeza viti viwekwe wapi, akamwambia kijana wa spika aongeze sauti. Mimi nilimwacha apange. Mwosha huoshwa.

Nilianza vizuri. Nilisema hivi, kama tulivyokubaliana na sista:

*Mabibi na mabwana, presha haipigi hodi. Unaweza kulima, kucheka, kula ugali wako ukamaliza, na iko juu. Usingoje kichwa kiume, maana wengi hakiwaumi kamwe. Njia ya kuijua ni moja, kupimwa. Ikiwa mia moja arobaini kwa tisini au zaidi, ukapimwa tena siku nyingine ikabaki huko juu, basi unayo. Ukimwona mtu uso umevutwa upande mmoja, au mkono umekufa ganzi, au maneno hayatoki, usimpe maji, usimpe dawa, usingoje mchungaji. Hospitali, mara moja.*

Watu walisikiliza. Mzee mmoja alilalamika nilipofika kwenye chumvi. "Sasa samaki ya Busia nitakula namna gani bila chumvi?" Nikamwambia samaki mkavu wa chumvi anaroweshwa, maji yanamwagwa, na haongezewi chumvi tena jikoni, wala ya mezani. Wifi akacheka kwa sauti, akasema, "Mnataka kuniharibia biashara." Watu wakacheka naye.

Ikafika sehemu ya kuonyesha kupima. Nikaomba mtu mmoja ajitolee. Kabla sijamaliza wifi alikuwa ameinuka.

"Nipime mimi. Mimi niko fiti. Hata kichwa leo sina."

Alikuja mwenyewe. Sikumvuta. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, asikunje goti juu ya goti, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikaisukuma nguo juu na kumfunga mkanda kwenye ngozi. Nikawaambia watu kila nilichokuwa nikifanya. Kisha nikamwambia, na hapa nilisikia raha hadi kwenye vidole, "Sasa wifi, dakika tano. Usiongee."

Maana ndivyo ilivyo. Anayepimwa anatulia kwanza dakika tano, na hazungumzi, wala aliye karibu hazungumzi naye. Nilikuwa nimepanga kwenye hotuba kwamba wakati huo niendelee kusoma sehemu ya dawa kwa watu wengine. Kwa hiyo nikachukua kipaza sauti nikasoma. *Dawa ya presha humezwa kila siku, umeumwa hujaumwa. Ukijisikia vizuri, ndiyo inafanya kazi. Usiiache mpaka aliyekuandikia akuambie. Usimpe mwenzako.* Na hapo nikafika kwenye mistari miwili ya sista, na nikasoma kilichokuwa chini yake. Chote. Polepole, kama wifi alivyoeleza ugonjwa wa mama.

Wifi alikaa na mkono mezani, mkanda umemshika, ameambiwa asiongee mbele ya kijiji kizima. Niliona mshipa wa shingo yake. Sista, kwenye meza ya pili, alifumba macho. Nilijisikia kama mtu aliyetua mtungi alioubeba njia nzima. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu tulipomtupia mama mchanga kaburini.

Kisha nikabonyeza mashine.

Hatukutakiwa kutangaza namba za mtu, na sikutangaza. Lakini wifi anajua kusoma namba kuliko mimi. Aliinama akaitazama, akavuta kipaza sauti mkononi mwangu.

"Mia moja sabini na nane! Kwa mia moja na sita! Mmeona? Mmeona wenyewe? Nilikuja hapa nikiwa sawa. Huyu mwanamke amenipandishia presha kwa mdomo mbele yenu, kama alivyompandishia mama!"

Sijawahi kusikia uwanja ukipumua namna ile. Mama mmoja mstari wa tatu alisema "Ewe!" na kijana wa bodaboda akapiga mluzi. Ushahidi wangu wote uligeuka ukaniuma mkono. Sista alikuja haraka, akachukua kipaza sauti kwa upole, akawaambia namba ya mtu aliyekasirishwa si ya kuhukumia, atapumzishwa apimwe tena. Akamuuliza pembeni kama kifua kinauma, kama anaona vizuri, kama kichwa kinamgonga. Vyote hapana. Akampumzisha nyuma ya kinu mahali pasipo na maneno, akampima mwenyewe. Ilishuka kidogo, haikushuka vya kutosha. Wifi akasema hiyo bado ni hasira yangu, akaenda kusimamia chai.

"Umenipimia hasira," sista aliniambia jioni, tukikunja meza. Hakupaza sauti. "Nilikata ile aya kwa sababu hiyo hiyo. Na sasa hata kama ana presha hataamini. Ile namba haiachwi. Utaenda kumpima kwake, siku tofauti, akiwa ametulia. Wewe umevuruga, wewe utapanga."

Nililia njia yote ya kurudi, na si kwa majuto. Nililia kwa sababu alikuwa ameshinda tena.

Aliyenifungulia mlango ni wifi mwenyewe. Alituma mtu aniambie nije, kwamba anataka kijiji kijue presha yake ikoje akiwa na amani yake, na kwamba naibu wa chifu ataambiwa matokeo. Alikuwa na sharti moja. Kuanzia langoni nisitamke neno, hata salamu.

Kwetu kuingia boma la mtu bila salamu ni tusi. Niliingia hivyo hivyo. Alikuwa amekaa tayari, miguu chini, mkono mezani, kama nilivyoonyesha uwanjani. Nikakaa mbali, tukatazamana dakika tano. Kuku walipita. Jikoni kulikuwa na harufu ya samaki wake. Nilifunga mkanda, nikabonyeza, nikageuza mashine aone.

Mia moja sitini na sita kwa mia moja na nne.

Alitazama muda mrefu. Akaashiria kwa kidole, mkono ule mwingine. Nikapima. Karibu sawa. Nikafungua mkanda nikaondoka, bila kwaheri.

Nilirudi siku nyingine, sharti lile lile. Safari hii alikuwa hajaenda sokoni, amelala vizuri, hajanywa hata chai. Nilipogeuza mashine hakuitazama mara moja. Alinitazama mimi kwanza, kana kwamba labda nimesema kitu kimoyomoyo. Kisha akasoma. Ilikuwa pale pale juu.

"Leo hujasema kitu," akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Hata juzi hujasema kitu."

Nikafungua mdomo kwa mara ya kwanza ndani ya boma lile. "Presha hii ni yako, wifi. Unayo na mimi nikiwa nimenyamaza."

Alishika ukingo wa meza. Yule mwanamke wa kipaza sauti aliniuliza kwa sauti ndogo sana, "Ya mama pia ilikuwa hivi? Alipoacha?"

"Ilikuwa imetulia alipokuwa anameza," nikamwambia. "Alipoacha hakuna aliyempima."

Akaanza kulia. Mtu mwema angemshika bega. Mimi nilikunja mkanda wa mashine vizuri, nikautia kwenye begi, nikamwandikia karatasi ya kumpeleka kwa sista. Nikamwambia aende kesho, na asinywe kidonge cha mtu yeyote leo. Alikwenda. Sista alimpima tena, akampima mkojo na sukari, akamwanzishia dawa zake mwenyewe.

Siri ya mgonjwa ni siri, na mimi nimeapa. Naibu wa chifu aliponiuliza matokeo, nilimwambia amuulize mwenye mkono. Lakini hotuba ilikuwa bado yangu, na ilitakiwa isomwe tena kijiji jirani, na mahema yalikuwa ya kikundi kile kile. Wifi alikuja kuyasimamisha. Nilisoma hotuba kama sista alivyoitaka, bila mistari iliyokatwa. Nilipofika pale pa dawa, *usiiache mpaka aliyekuandikia akuambie*, aliinuka mstari wa mbele akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Nilidhani ananimaliza.

"Mama yangu alikuwa na presha," akasema. "Aliacha dawa. Aliyemwambia aache ni mimi. Mkaza mwana alikataa." Akakihamishia kipaza sauti mkono wa pili. "Mimi pia nameza sasa. Mengine hayo mnajua."

Akanirudishia kipaza sauti akaketi. Hakuniomba msamaha, na hakunitazama. Jioni ile wanawake wawili walipokea chai mkononi mwangu wakainywa wamesimama. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha aibu ikaisha nikaendelea kufurahi.

Sasa nampitia kila mwezi na begi langu. Salamu tunapeana. Anakaa miguu chini, dakika tano, hasemi, nami sisemi. Namba zinashuka vizuri. Juzi zilikuwa nzuri kabisa, na aliponiambia, "Basi si nipumzike kidogo sasa," nilimtazama tu mpaka akacheka kwa aibu, akachukua kikombe cha maji akameza.

Watu wanasema tumepatana. Hatujapatana. Nataka aishi miaka mingi, mpaka meno yamtoke, na kila asubuhi akiweka hicho kidonge ulimini akumbuke ni nani anayemwambia asiache.